Ripoti ya ubaba yenye eneo moja lisilolingana

"Tumepimwa DNA mimi, mtoto na mama yake hapa Nakuru. D18S51 hailingani: mama 13 na 16, mtoto 13 na 17, mimi 18 na 20. Kwenye grafu yangu naona kakilele kadogo pale 17. Lakini chini wameandika 99.995% mimi ndiye baba. Nishike lipi?"

Ndugu yangu, nimesoma grafu hizi kwenye maabara Kisumu kwa muda mrefu, na ripoti kama yako si ya ajabu. D18S51 ni eneo moja la DNA, na namba zake ni idadi ya marudio ya kipande kifupi hapo; kila mzazi humpa mtoto moja. Mtoto amepata 13 kwa mama, kwa hiyo 17 imetoka kwa baba.

Hako kakilele usikategemee. Kwenye picha uliyoweka kana kimo cha RFU 150, kipimo cha mwanga wa kilele, na 18 iliyo jirani yake ina 1,650, yaani kama asilimia 9. Wa maabara tunakiita stata: wakati wa kunakili DNA kimeng'enya huteleza na kuruka rudio moja, ndipo kivuli kinatokea hatua moja nyuma ya kilele halisi. 17 ya mtoto ni tofauti kabisa. Ina RFU 1,700 na 13 yake 1,850, karibu zinalingana kimo. Hiyo ni yake kweli.

Linalobaki ni badiliko: 18 yako ilipoteza rudio moja ikiingia kwenye mbegu. Kwenye eneo hili hutokea kama mara 2 katika 1,000, na karibu kila mara ni kwa hatua moja, kama hapa. Ingekuwa 18 kwenda 14, ningesita na kutaka maeneo zaidi yapimwe; maeneo matatu yangekataa, mimi ningekuambia si wako.

Maabara haijalifumbia macho. Nafasi ya wewe kutoa 17 ni nusu ya kurithisha 18, mara 0.002, mara nusu nyingine kwa kuwa rudio lingeweza pia kuongezeka: 0.0005. Tuseme 17 ni asilimia 10 ya namba za watu wengine. 0.0005 ukigawa kwa 0.1 unapata 0.005. Hiyo ndiyo nguvu ya ushahidi wa eneo hili, wewe dhidi ya mwanamume mwingine. Kama maeneo mengine yote kwa pamoja yalikupa 4,000,000, sasa inashuka hadi 20,000, na 20,000 kwa 20,001 ndiyo hiyo 99.995% yako.

Sasa angalia kilichofichwa ndani yake. Hesabu imeanza kwa kudhani nusu kwa nusu kwamba wewe ndiye baba, na imekulinganisha na mwanamume asiye ndugu yako. Kama anayeshukiwa ni kaka yako, baba mmoja mama mmoja, 20,000 hiyo haitumiki, maana kaka hugawana nawe namba nyingi na anaweza kabisa kuwa na 17. Hapo kaka naye apimwe. Kipimo cha kromosomu Y hakitawatenganisha, nyote mmeichukua kwa baba yenu. Kama hakuna kaka kwenye habari hii, waombe waongeze maeneo mengine kwa sampuli zilezile, na uwaulize jedwali la asilimia walilotumia ni la watu wa wapi.