Mteja wa ng'ambo yuko kwenye skrini: umuulize nini?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanukuzi na wafasiri wanaopata wateja wa nje kwa mara ya kwanza. Nimechagua tano.

Shikamoo dada. Mteja wa Berlin anataka tuonane kwa video Jumanne "saa 10:00". Ni saa zake au zangu? Naogopa kuuliza, ataniona mshamba. (Mnukuzi, Morogoro)

Marahaba. Uliza tu, mdogo wangu. Ushamba ni kumwacha mtu anaongea na skrini tupu.

Kuna mitego miwili hapo. Wa kwanza ni wetu wenyewe: jicho likiona 10:00, kichwa kinasoma saa kumi, na saa kumi ni jioni. Yeye anamaanisha saa nne asubuhi. Wa pili ni majira. Sisi hatugeuzi saa zetu mwaka mzima, lakini Ujerumani hugeuza Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kiangazi chao, 10:00 ya Berlin ni 11:00 yetu, yaani saa tano asubuhi. Majira yao ya baridi inakuwa 12:00, saa sita mchana. Kwa hiyo mjibu ukitaja siku, tarehe na saa za miji yote miwili kwa tarakimu, umwombe athibitishe. Ukija kupata mteja wa New York, angalia kalenda upya: Marekani hugeuza Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, wala hawangojani na Ulaya.

Nimeambiwa kazi ni "kunukuu na kutafsiri mahojiano", basi. Rekodi zote zina dakika 540, na anataka kazi kwa wiki tatu. Kwenye kikao nimwulize nini nisije nikajuta? (Mama Wawili, Tanga)

Anza na swali moja kabla ya mengine yote: maandishi haya atayasoma nani, na atayafanyia nini? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha kazi yenyewe. Mtafiti wa lugha atataka kila "eeh", kila kusita na kila sentensi iliyokatika. Mtengeneza filamu atataka muda uandikwe pembeni ili apate kipande anachokitafuta. Anayeandika ripoti anataka maneno safi tu. Hizo ni kazi tatu zenye bei tatu, na mteja huziita zote "kunukuu".

Kabla ya kikao, mwombe faili moja. Usitosheke na kusikiliza sekunde chache. Nukuu dakika tano za katikati, mahali watu wameshazoea kinasa sauti na wanaongea kwa kupokezana. Tuseme umepata maneno 480. Dakika 540 ni vipande 108 vya dakika tano, kwa hiyo unakabiliwa na maneno kama 51,840.

Sasa tupige hesabu. Sauti safi ya saa moja humchukua mnukuzi mzoefu kama saa nne. Kukiwa na kelele za soko au watu wanne wanaodakiana maneno, ni zaidi. Chukua tano: rekodi zako zina urefu wa saa tisa, kwa hiyo ni saa 45 za kazi. Masikio huchoka, ukifanya saa sita kwa siku ni siku nane. Tafsiri nayo, kwa maneno 2,000 kwa siku, ni siku 26. Jumla siku 34 za kazi, na wiki tatu zina siku 15.

Usimwambie haiwezekani. Muulize: je, kila neno linahitaji kutafsiriwa? Mara nyingi hajawahi kulifikiria. Akisema anukuliwe yote kwa Kiswahili, kisha atie alama theluthi anayoihitaji kwa Kiingereza, tafsiri inashuka hadi maneno 17,280, siku tisa. Jumla 17. Hapo ombeni wiki nne: zinabaki siku tatu za marekebisho, na hakuna anayekesha.

Swali lingine ambalo wengi hulisahau: maneno ya malipo yatahesabiwa upande gani? "Hatukumwambia" ni neno moja kwetu, Kiingereza hulipasua kuwa matano. Ukikubali bei ya neno bila kusema ni neno la lugha ipi, unaweza kujikuta umefanya kazi ileile kwa malipo pungufu sana. Mimi hutoza unukuzi kwa dakika ya sauti na tafsiri kwa neno la Kiingereza lililokamilika.

Mwisho, marekebisho ni mara ngapi? Kosa langu nalisahihisha bure. Lakini mteja akibadili mawazo, mathalani akitaka muda uandikwe baada ya faili zote kukamilika, hiyo ni kazi mpya.

Akinibana nitaje bei palepale? (Kijana wa Kisumu)

Usitaje. Mwambie utampelekea bei kwa maandishi kesho kabla ya saa fulani, na uitimize. Akisisitiza, mpe kiwango cha dakika moja au neno moja, usimpe jumla, maana jumla uliyoitaja mdomoni haishuki tena kichwani mwake hata kazi ikiongezeka maradufu.

Jambo moja la malipo liulizwe papo hapo: nani atabeba makato ya benki? Kwenye fomu ya kutuma pesa nje, mtumaji huchagua OUR akilipa makato yote yeye, au SHA mkigawana. Kwenye ankara ya kazi ndogo, tofauti hiyo utaiona.

Umeme ukikatika katikati? (Dada wa Unguja)

Laptopu ina betri, rauta haina. Washa simu yenye bando kabla ya kikao, uunganishe ujaribu. Mtandao ukianza kukatakata, zima kamera yako kwanza. Sauti inahitaji kidogo sana kuliko picha. Mwanzoni kabisa mkubaliane mkipotezana nani ampigie nani, na kwa njia gani. Na kama unatumia Zoom ya bure, kikao hukatika dakika ya 40, kwa hiyo maswali ya msingi yasingoje dakika ya 35.

Tulizungumza vizuri, akacheka sana, akasema "tutawasiliana". Wiki mbili sasa kimya. Nilikosea wapi? (Mfasiri, Bujumbura)

Mliagana bila mtu kubaki na deni. "Tutawasiliana" kwa watu wengi wa huko ni kwaheri ya heshima tu, kama sisi tunavyosema "tutaonana, Mungu akipenda".

Bakiza dakika kumi za mwisho. Sema kwa sauti, ukisoma ulichoandika: wewe utaniletea faili zote Ijumaa; mimi nitakuletea bei Jumatatu; ukiridhika, nitanukuu dakika kumi za majaribio kwa malipo, uzikague kabla hatujaanza zilizobaki. Kisha nyamaza umsikilize. Akisita kwenye tarehe, huenda kuna bosi ambaye hajaafiki, basi uliza ni nani mwingine anayehitaji kukubali, na lini.

Siku hiyohiyo mtumie barua pepe fupi: kazi inahusu nini, haihusu nini, nani anafanya nini kufikia siku gani. Sentensi ya "haihusu nini" ndiyo itakayokuokoa baadaye. Malizia kwa kumwomba arekebishe palipokosewa. Ni rahisi zaidi kumjibu mtu anayeomba kusahihishwa.

Kwa huyo wako wa wiki mbili, mwandikie mara moja tu, umwekee swali linalojibika kwa neno moja: "Zile faili bado nizisubiri mwezi huu?"