Ufupisho: maneno 45 yanaisha na hoja bado zipo

*"Hamjambo. Niko kidato cha nne. Kwenye karatasi ya pili ya Kiswahili ufupisho unaniangusha kila mara, napata 5 au 6 kwa 15. Mwalimu huandika 'umenakili' hata pale nilipobadilisha maneno. Na nikiambiwa maneno 45, yanaisha nikiwa bado katikati ya kifungu. Wenzangu mnafanyaje?"*

Mdogo wangu, hayo malalamiko mawili ni ugonjwa mmoja. Maneno yanakuishia kwa sababu unanakili. Nilikaa na shida hiyo hiyo mpaka nikamaliza shule, na sikuielewa vizuri hadi nilipoanza kufundisha na kusahihisha karatasi za wengine. Ningekueleza kwa maneno matupu ungesahau kesho, kwa hiyo nimekutungia kifungu kifupi. Kisome mara mbili kabla ya kuendelea.

> Mikoko ni miti inayoota ufuoni, mahali ambapo maji ya chumvi hupwa na kujaa. Wazee wa pwani huiita ukuta wa bahari, na hawakukosea. Mizizi yake, iliyofumana kama wavu wa mvuvi, hupunguza nguvu ya mawimbi na kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Katika mizizi hiyo hiyo, samaki, kamba na kaa wachanga hupata chakula na mahali pa kujificha wasiliwe na samaki wakubwa. Hata hivyo, mikoko inaangamia. Watu ambao wanajenga nyumba huikata ili wapate boriti, na wengine huikata ili wapate kuni na makaa. Kuna pia wale ambao huifyeka ili wapate mahali pa kutengenezea chumvi au pa kufugia kamba. Isitoshe, mafuta yanayomwagika kutoka kwenye meli hufunika mizizi ya mikoko, ikakosa hewa na kufa.

Kifungu kina maneno 107. Tuseme swali ni hili: *Eleza faida za mikoko na mambo yanayoiangamiza kwa maneno 40 hadi 45 (alama 9, 1 ya utiririko).* Kabla hujagusa kalamu, swali lenyewe limekwisha kukuambia jambo kubwa. Ukiondoa alama ya utiririko zinabaki 8, basi anayesahihisha anatafuta hoja 8. Rudi kwenye kifungu uzihesabu. Ukipata 5, kuna sentensi umepita juu yake. Ukipata 11, umehesabu mapambo.

Mapambo hapa ni yapi? Sentensi ya kwanza inaeleza mikoko ni nini, na swali halikuuliza hilo. Ya pili ni sifa, pamoja na maoni ya mwandishi ("hawakukosea"). "Kama wavu wa mvuvi" ni tashbihi. Vyote vitatu ni vitamu, na ndiyo maana wanafunzi huvibeba. Mimi mwenyewe nilikuwa bingwa wa kubeba tashbihi na methali za watu, nikidhani msahihishaji atafurahia lugha yangu, kumbe lugha si yangu na hoja hakuna.

Zinazobaki ni hizi, nikiziandika kwenye sehemu ya matayarisho kwa neno moja moja, bila sentensi: mawimbi, udongo, chakula, maficho, boriti, kuni, chumvi na kamba, mafuta. Nane. Tazama pia jinsi mwandishi anavyokupigia kengele kila anapoleta jambo jipya: "hata hivyo", "na wengine", "kuna pia", "isitoshe". Ukiona neno la aina hiyo, pigia mstari kinacholifuata.

Sasa tazama jibu ambalo nimelisahihisha kwa sura mbalimbali miaka nenda miaka rudi:

> Mikoko ni miti inayoota ufuoni. Mizizi yake hupunguza nguvu ya mawimbi na kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Katika mizizi, samaki, kamba na kaa wachanga hupata chakula na mahali pa kujificha. Watu ambao wanajenga nyumba huikata ili wapate boriti na wengine huikata ili wapate kuni

Nimeacha bila nukta makusudi. Hapo ni maneno 44, limebaki moja, na mwanafunzi hajafika kwenye chumvi wala mafuta. Hoja mbili zimeachwa nje ya mlango. Akiendelea kuandika, anavuka idadi. Shuleni nilikofundisha tulikuwa tukihesabu kwa kalamu, tukifika neno la mwisho linaloruhusiwa tunapiga mstari mwekundu, na kilicho nyuma ya mstari hakisomwi. Hizo hoja mbili zingekuwa zimeandikwa vizuri na zisipate kitu.

Huyu hakushindwa kuelewa kifungu. Ameshindwa kwa sababu amekopa sentensi za mwandishi, na sentensi hizo zilijengwa kwa ajili ya maneno 107. Kubadilisha "hupunguza" ukaandika "hupungukisha", au "mahali" ukaandika "sehemu", hakusaidii. Mifupa ni ile ile, umebadilisha shati tu. Nadhani ndicho anachokiona mwalimu wako anapoandika "umenakili".

Dawa ninayoiamini iko ndani ya kitenzi cha Kiswahili chenyewe. Kitenzi chetu kinaweza kubeba mtenda, mtendwa, wakati na sababu katika neno moja, nasi tunakiacha kitupu huku tukijaza "ambao", "ili wapate" na "kutoka kwenye". Chukua "Watu ambao wanajenga nyumba huikata ili wapate boriti". Ni maneno 8. Tukitumia kauli ya kutendwa, "watu" wanatoka wenyewe, na "wanajenga nyumba" tukaligeuza kuwa nomino: *hukatwa kwa ujenzi*. Maneno 3. Kuni na makaa vyote viwili ni vya kupikia na kuwashia moto, basi neno "nishati" linavimeza. Kwa hiyo *hukatwa kwa ujenzi na nishati* ni maneno 5 yenye hoja 2, mahali ambapo mwandishi alitumia 16.

Mafuta nayo ni hivyo hivyo. Kuanzia "mafuta yanayomwagika" hadi "kufa" ni maneno 13. Kiini ni kwamba mafuta yanaifanya mikoko ikose hewa. Kiswahili kina kauli ya kutendesha kwa kazi hiyo: kukosa, kukosesha, kukoseshwa. *Hukoseshwa hewa na mafuta ya meli.* Maneno 6. "Hupunguza nguvu ya mawimbi" inakuwa *hutuliza mawimbi*. "Udongo usichukuliwe na maji" ina jina lake tayari kwenye jiografia, nalo ni *mmomonyoko wa udongo*.

Ukifunika kifungu kwa kiganja na kuandika ukitazama yale maneno yako manane tu, unapata kitu kama hiki:

> Mikoko hutuliza mawimbi na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Viumbe wachanga wa baharini hujilisha na kujihifadhi mizizini mwake. Hata hivyo, mikoko inaangamia kwani hukatwa kwa ujenzi na nishati, hufyekwa kupisha uzalishaji wa chumvi na ufugaji wa kamba, na hukoseshwa hewa na mafuta ya meli.

Hesabu mwenyewe: 43. Hoja zote nane zimo, na kuna nafasi ya maneno mawili ikiwa umekosea kuhesabu. Kiganja ndicho kilichonisaidia kuliko mbinu yoyote. Jicho likiona sentensi ya mwandishi, mkono huifuata. Lisipoiona, mkono unalazimika kutunga.

Usiogope lakini kuacha maneno machache kama yalivyo. "Mikoko", "mawimbi", "chumvi", "kamba" na "mafuta" ni majina ya vitu. Kuna kijana niliyemfundisha aliyesikia kwamba kunakili ni kosa, akaandika "mimea ya majini" badala ya mikoko. Magugu maji pia ni mimea ya majini! Hakuna anayekukata alama kwa kuita kitu jina lake. Unakatwa kwa kuchukua mpangilio wa sentensi.

Hatari ya upande wa pili ni kubana kupita kiasi, na hii huwapata wanafunzi wazuri. Wanagundua kwamba jumla inaokoa maneno, wanaandika "mikoko hukatwa na binadamu". Ni fupi kweli, ila boriti na kuni zilikuwa hoja mbili zenye sababu mbili, na jibu hilo halina hata sababu moja. Ujumla unafaa pale tu neno kubwa linapobaki na kile kilichokuwa hoja. "Samaki, kamba na kaa wachanga" wanaweza kuwa "viumbe wachanga wa baharini", lakini ukidondosha "wachanga" umepoteza jambo lenyewe, maana kifungu kinasema mizizi ni malezi ya watoto wa samaki, hakisemi ni makazi ya kila samaki. Jipime hivi: mtu ambaye hajakiona kifungu akisoma sentensi yako, anaweza kukutajia hoja ile ile? Mpe mwenzako wa dawati asome.

Kuhusu utiririko, alama hiyo hupotea kwa wanaoandika hoja kama orodha ya dukani, au kwa nambari. Hapo juu "hata hivyo" peke yake imefanya kazi kubwa, imetenganisha faida na maangamizi. Acha pia kufungua kwa "Mwandishi wa kifungu hiki anatueleza kwamba". Ni maneno 6 yaliyokwenda bure, na kila mtu anajua ni nani anayeeleza. Methali yako ya kufungia, na ushauri kwamba serikali ichukue hatua, havikuwamo kwenye kifungu. Viache.

Katika kuhesabu, kila kilichoandikwa peke yake ni neno. "Ya" ni neno, "na" ni neno, "kwa hivyo" ni mawili. Kwenye matayarisho weka kialama kidogo kila baada ya maneno 10, ili ukizidisha ujue ni wapi pa kukata bila kuanza upya. Ukizidi kwa matatu au manne, usikate hoja. Tafuta "ambao", "ili", "kutoka kwenye", "kwa ajili ya", kisha uzirudishe ndani ya kitenzi. "Watu ambao wanauza" ni *wauzaji*, "kwa ajili ya kupisha" ni *kupisha*. Na tafadhali usiunganishe "kwasababu" na "kwahivyo" ili upunguze neno. Tulikuwa tukihesabu mawili pale pale, kisha tunalizungushia duara kama kosa la tahajia.