Maksi za bibliografia zisiishie kwenye muhtasari

Juzi mwalimu mwenzangu wa historia ameniandikia. Wanafunzi wake wanamletea bibliografia yenye maelezo, kila chanzo kina aya yake safi, lakini akimaliza kusoma haoni aliyepima chochote. Anauliza asahihishe vipi. Mimi nimeshaitwa bahili wa maksi kwa jambo hilihili, na bado linaniuma, kwa hiyo namjibu hadharani.

Katika maksi 10 za kila chanzo, muhtasari naupa 2 tu. Tathmini ina 5. Zilizobaki 3 ni za kueleza chanzo hicho kitasaidia wapi katika swali la mwanafunzi, na wapi hakitasaidia.

Shida kubwa ni tathmini bandia: "Chanzo hiki kinaaminika kwa sababu mwandishi ni msomi mashuhuri." Nikiikuta sentensi ya namna hiyo naihamishia chini ya chanzo kingine katika orodha ileile. Ikikaa vizuri huko pia, haipati kitu.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akichunguza asili ya mji wa Kilwa. Alianza na ripoti ya uchimbaji ya mwanaakiolojia Neville Chittick ya mwaka 1974. Akaeleza Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa na sarafu, akamalizia kwa kumsifu mwandishi. Nilimpa 3, akanuna. Nikamwambia asome pia uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, uliochapishwa mwaka 1996, kisha arudi.

Aliporudi aliandika kwamba Chittick ni wa kutegemewa kwa ramani na maelezo ya majengo, ila aliyasoma mabaki yale akiwapa wageni kutoka ng'ambo nafasi kubwa mno katika kuujenga mji. Shanga, akasema, inaonyesha misikiti ya mwanzo, tangu karne ya 8, ikikua ndani ya makazi ya wenyeji. Lakini Shanga si Kilwa, kwa hiyo haimalizi ubishi. Angemtumia Chittick kwa majengo, si kwa swali la nani aliuanzisha mji. Hiyo nilimpa 9. Jaribu kuihamishia aya hiyo kwenye kitabu kingine, haiendi.

Angalia kilichomwezesha: chanzo cha pili kinachopingana na cha kwanza. Walimu wenzangu, tuache kumdai mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apime kitabu kimoja peke yake. Hana cha kupimia, ndiyo maana anakimbilia sifa za mwandishi. Mpe vyanzo viwili vinavyovutana ndipo umdai.

Na mdai namba ya ukurasa mmoja anaoukubali au kuupinga, kisha ufungue ukurasa huo mwenyewe. Wapo wanaookota lawama kwenye mapitio ya watu wengine bila kukigusa kitabu, na hukwama hapohapo.