Jibu: Kwa nini hakuna ideali nyingine za juu kabisa katika C[0,1], ringi ya fanksheni zisizokatika kwenye kipande [0,1], ila zile za nukta?

«Naona kwamba fanksheni zote zenye f(c) = 0, kwa nukta moja c, ni ideali ya juu kabisa. Lakini nani kasema hakuna nyingine?»

Ndugu, chukua ideali I isiyomo ndani ya yoyote kati ya hizo. Basi kwa kila nukta c imo ndani ya I fanksheni f_c isiyo sifuri pale c, na kwa kuwa haikatiki, haiwi sifuri katika ujirani mdogo wa c. Kipande [0,1] kimefungwa na kina mipaka, kwa hiyo jirani zenye idadi yenye kikomo, za f₁ hadi fₙ, hukifunika chote. Hapo h = f₁² + … + fₙ² imo ndani ya I na ni chanya kila mahali, hivyo 1/h nayo haikatiki, 1 = h·(1/h) imo ndani ya I, na I ni ringi nzima. Kwa hiyo kila ideali isiyo ringi nzima imo ndani ya mojawapo ya hizo, na ya juu kabisa ni sawa nayo.

Vipeo vya pili ndivyo wanafunzi wangu hapa Kampala huvisahau. Kwa x na x − 1, jumla ya kawaida, 2x − 1, ni sifuri pale 1/2, ilhali x² + (x − 1)² haishuki chini ya 1/2.

Ukiondoa ncha ya 0, hoja huvunjika: katika (0,1], fanksheni ambazo ni sifuri karibu na 0 ni ideali isiyo na nukta ya pamoja, na ideali ya juu kabisa inayoibeba, ambayo lema ya Zorn huhakikisha ipo, haitokani na nukta yoyote.