Mteja aliyenyamaza mwaka mzima: mwandikie bila kumsuta

Nachapa vitabu vya risiti, vyeti na ripoti za wanafunzi hapa Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni shule za binafsi. Kazi hii ina misimu yake. Shule hufunga Juni na Desemba, na kila zinapofunga, mzazi anasubiri ripoti. Kwa hiyo shule ikipitisha misimu yote miwili bila kuniagiza, ripoti zimechapwa kwingine, au wamezitoa kwenye printa ya ofisini. Mimi najua, na mwalimu aliyekuwa akiniagiza anajua kwamba najua. Ndiyo maana neno ambalo kwa rafiki lingekuwa la utani, kwa mteja wa namna hii linachoma.

Chukua salamu zetu za kila siku: "Umepotea sana!", "Kimya kingi, kulikoni?", "Mmetutupa jamani!" Ukimwambia shoga yako uliyesoma naye, hayo ni mapenzi. Ukimwandikia mwalimu mkuu aliyehamishia kazi kwa mchapaji mwingine, umemsimamisha kizimbani. Lazima aanze na kisingizio ndipo mzungumze kazi, na mtu asiye na kisingizio kizuri huufunga ujumbe na asiufungue tena. Mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ni swali la unyenyekevu: "Kuna mahali tulikosea?" Linasikika la adabu, lakini linamlazimisha mtu akukosoe usoni au akudanganye. Kama unataka kweli kujua kilichoharibika, subiri mkirudi kuzungumza. Mara nyingi atakwambia mwenyewe.

Kabla ya kuandika, fungua faili la kazi ya mwisho. Angalia nani alikuwa anapokea simu upande wao, mzigo ulifika lini, na kama kuna salio. Salio lisilolipwa ni sababu ya kawaida sana ya mteja kukukwepa: anaona akikupigia utamkumbusha deni. Hapo usichanganye mambo. Ujumbe wa kufufua kazi wenye mstari wa chini usemao "pia kuna ile laki na nusu" utasomwa kuwa ni wa deni tu. Lishughulikie deni peke yake, kwa ankara na tarehe, ukimpa nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Kazi mpya itazungumzwa baadaye. Na kama faili linaonyesha mlichelewesha mzigo au rangi ya nembo ilitoka vibaya, hiyo nayo ni habari nyingine: anza kwa kusema mmerekebisha nini.

Sasa tuchukue shule ambayo haina deni wala lawama, imenyamaza tu. Nilikuwa na moja ya msingi ya aina hiyo. Kazi yao ya mwisho ilikuwa vitabu vya ripoti, jalada la gramu 250, ndani gramu 80, orodha ya masomo ikiwa imechapwa kabisa, mwalimu anajaza alama tu. Nilipoifungua ile kazi kwenye kompyuta, sababu ya kuwaandikia ilikuwa humo humo. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu, na kwa shule za msingi ulianza na darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule, 2026 wanakuwa la tano. Orodha ya masomo niliyokuwa nimewachapia darasa la tano ilikuwa ya zamani, haina hata Historia ya Tanzania na Maadili. Hilo ni jambo linalomhusu yeye, lenye tarehe, na halihusiani kabisa na mwaka wa kimya.

Niliandika hivi, Oktoba 2025:

"Habari za asubuhi Mwalimu. Mimi ni yule mama wa uchapaji niliyewatengenezea vitabu vya ripoti vya jalada la kijani. Bado nimetunza nembo na mpangilio wenu. Nimeona orodha ya masomo ya darasa la tano ni ya mtaala wa zamani, na mwakani darasa hilo litakuwa la mtaala mpya. Nimeandaa ukurasa mmoja wenye nafasi ya masomo mapya, nikutumie uuone? Kama ripoti za mwakani mmeshazipanga, hakuna shida, unaweza kuutumia kama mfano. Nawatakia maandalizi mema ya mitihani."

Kujitambulisha kumewekwa mapema kwa makusudi. Mwaka ni mrefu; huenda amebadilisha simu na namba yako imepotea, au kiti kimekaliwa na mtu mwingine. Ukiandika "Habari Mwalimu" ukanyamaza ukisubiri akujue, umempa mtihani. Jalada la kijani linamkumbusha kazi bila kumkumbusha muda, na utaona hakuna "tangu mwaka jana" wala "ni muda mrefu" popote. Swali ni moja, na jibu lake ni "tuma" tu. Ile sentensi ya "mmeshazipanga" ndiyo ninayoijali kuliko zote: inamruhusu awe na mchapaji mwingine bila kunificha. Lakini iandike ukiwa unaimaanisha. Akisema wameshapanga, mtumie ule ukurasa hivyo hivyo.

Wakati nao una uzito. Oktoba na mwanzoni mwa Novemba bado bajeti ya mwaka unaofuata inajadilika. Wiki ya mitihani mwalimu mkuu hana macho ya kusoma ujumbe wako. Tuma asubuhi katikati ya wiki, kwa maandishi. Usitume ujumbe wa sauti, kwa sababu hawezi kuupeleka kwa mhasibu na kumwambia "soma hii". Na usibipu.

Tiki za WhatsApp zikigeuka bluu na jibu lisije, hapo ndipo wengi huharibu. "Naona umesoma Mwalimu" ni shitaka kamili. Mimi huacha kama wiki mbili, halafu natuma ule ukurasa wenyewe kwa PDF na mstari mmoja: "Mwalimu, huu hapa ule ukurasa wa darasa la tano, utumie utakavyoona inafaa." Baada ya hapo naacha hadi msimu unaofuata, na nikirudi narudi na jambo jipya, kamwe si na "nilikuandikia ukanyamaza".

Ile shule ilijibu, lakini si mwalimu niliyemjua. Alikuwa amehama, na aliyempokea alikuja na mchapaji wake. Kimya chote kile hakikuwa na uhusiano wowote na mimi. Aliomba bei ya darasa la tano peke yake, kujaribu.

Bei ya karatasi ilikuwa imepanda, kwa hiyo nilimpa bei ya sasa, nikaweka ya zamani pembeni na kueleza tofauti imetoka wapi. Usishushe bei kwa sababu tu mteja amerudi. Msimu ujao ukiirudisha ilipokuwa ataona umemtega. Na kama anayejibu ni yule yule wa zamani, akaanza kuomba radhi, "Dada yangu, samahani, mambo yalikuwa mengi", usiikamate hiyo samahani ukaigeuza mazungumzo. Mwambie, "Wala usijali Mwalimu, pole na majukumu. Darasa la tano mna wanafunzi wangapi mwakani?"