Pima springi kabla ya kufungua redio

Mdogo wangu unayeanza ufundi, redio ya mawe manne makubwa uliyoletewa ikiwa imekufa usiiharakishie bisibisi. Fungua kifuniko cha mawe kwanza.

Mama mmoja wa Kadutu aliniletea ya namna hiyo. Alikuwa ametia mawe mapya, na bado redio ilikuwa kimya. Nilipopima ikiwa imezimwa, nilipata volti 6 na kitu kwenye ncha za nyaya. Hapo ndipo wanafunzi wengi hudanganyika, kwa sababu kutu haionekani kwenye mita wakati umeme hautembei. Nikaiwasha, nikapima tena: mawe yote manne pamoja yalitoa 6.1, lakini ncha za nyaya zilisoma 3.8. Volti 2.3 zilikuwa zimepotea njiani. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kitako cha jiwe la mwisho, nyingine kwenye ncha ya mbali ya waya mweusi unaotoka kwenye springi. Mita ikasoma 2.3. Ubovu wote ulikuwa kati ya hapo, kwenye springi na waya wake.

Toa mawe yote kabla ya kusafisha. Vaa glavu na miwani, maana maji ya betri ya alkali huunguza ngozi na macho. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15 mfululizo kisha uende hospitali. Ule unga mweupe usiupulize kwa mdomo. Ung'oe kwa kijiti kikavu, redio ikiwa imeinamishwa ili usianguke ndani.

Kisha chukua pamba ya masikio, ichovye kidogo kwenye maji ya ndimu, uguse springi. Ikitoa povu, uchafu ni wa betri ya alkali, na ndimu ndiyo dawa yake. Mawe ya kawaida ya bei ndogo huvuja maji yenye asidi; kwa hayo tumia soda ya kuokea iliyokorogwa na maji. Usiache ndimu humo, nayo itakula chuma. Pitisha pamba yenye maji kidogo, halafu alikoli ya famasi, kisha acha ikauke kabisa. Msimu wa mvua hapa kwetu mimi huacha usiku kucha.

Msasa siupendi. Unaondoa ngozi ya nikeli inayoilinda springi, na miezi michache baadaye kutu inarudi kwa nguvu zaidi. Kifutio cha penseli kinatosha. Springi iliyoliwa hadi kukonda, badilisha.

Redio ya yule mama haikuamka hata baada ya hapo. Nilichuna waya mweusi kidogo nikakuta shaba nyeusi tii: maji ya betri yalikuwa yamepanda ndani ya plastiki. Shaba ya namna hiyo haishiki risasi. Nikakata sentimita nne hivi hadi ikang'aa, nikaunga waya mpya. Upotevu ukashuka hadi chini ya volti 0.1, redio ikasema.

Fishi ya umeme wa ukutani ni kazi nyingine. Ichomoe kwanza, futa meno yake kwa kitambaa kikavu tu. Ikiwa imeungua au plastiki imeyeyuka, usiisafishe, weka mpya.