Stetimenti na barua ya benki kwa ajili ya zabuni

"Nipo Tabora, nina akaunti ya biashara. Zabuni ya halmashauri inataka stetimenti na barua ya benki. Naanzaje?"

Ndugu yangu, kabla ya kwenda benki fungua nyaraka za zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, usome sehemu ya uwezo wa kifedha. Hapo utaona stetimenti ni ya miezi mingapi, na barua ielekezwe kwa nani.

Kisha mwandikie meneja wa tawi barua yenye letahedi na muhuri, isainiwe na wote wanaosaini akaunti hiyo. Taja jina la biashara, namba ya akaunti, tarehe ya mwanzo na mwisho wa stetimenti, na namba ya zabuni. Acha salio la kulipia ada. Stetimenti ya kwenye simu isikutoshe, omba iliyogongwa muhuri kila ukurasa.

Ukipewa barua, isome palepale kaunta. Mimi jina la biashara yangu kule BRELA linaishia na "Enterprises", benki ikaliacha neno hilo. Kuirudia kulichukua siku tatu, nikapakia saa chache kabla ya dirisha kufungwa. Kwa hiyo nenda wiki mbili kabla.

Angalia pia kama wanataka barua ya utambulisho tu au ya kuthibitisha mkopo. Ya pili hupita kwa ofisa mikopo, na huchelewa zaidi.

Mtu akijitolea "kukurekebishia" salio, kataa. Ni kughushi, na PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, inaweza kukufungia zabuni zote za serikali.